Jinsi nilivyoandika upya makala ya Kilimanjaro ipatikane Google bila kurundika maneno

Kampuni ya utalii iliyonipa kazi hii iko Moshi, na huwapandisha Mlima Kilimanjaro wageni wa nje pamoja na Watanzania. Kwa Kiingereza tovuti yake ilikuwa na makala nyingi. Kwa Kiswahili ilikuwa na moja tu ya maana, na hiyo ndiyo niliyoombwa kuiandika upya. Ilianza hivi:

"Je, unatafuta gharama kupanda Kilimanjaro? Kampuni yetu ya kupanda Kilimanjaro inatoa gharama nafuu kupanda Kilimanjaro kwa Watanzania. Gharama kupanda Kilimanjaro kwetu ni nafuu kuliko kampuni zote za kupanda Kilimanjaro. Wasiliana nasi leo upate gharama kupanda Kilimanjaro."

Msomaji aliyekuja kutafuta gharama amekwisha soma sentensi nne na hajatajiwa hata shilingi moja, wala hajaambiwa gharama hiyo ni ya siku ngapi, ya njia ipi, au inajumuisha nini. Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe kimevunjika. Hakuna mtu anayesema "gharama kupanda Kilimanjaro". Tunasema "gharama za kupanda". Mwandishi wa kwanza aliliacha lile "za" kwa makusudi, kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika wanapotafuta kwa haraka kwenye simu, naye aliamini kwamba Google hulinganisha herufi kwa herufi: mtu akiandika maneno matatu bila kiunganishi, basi ukurasa utakaoshinda ni ule wenye maneno hayo matatu, katika mfuatano uleule, mara nyingi kuliko kurasa nyingine.

Imani hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa miaka ya mwanzo ya injini za utafutaji kurudia neno kulisaidia kweli. Lakini tangu mwaka 2013 Google imekuwa ikijitahidi kuelewa swali zima badala ya neno mojamoja, na mwaka 2019 ilianza kutumia mfumo wa BERT, unaosoma maneno kwa kuangalia yale yaliyoyazunguka. Kabla mwaka huo haujaisha mfumo huo ulikuwa umepelekwa kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Kwa mwandishi wa Kiswahili jambo hili ni kubwa. Lugha yetu hujenga maneno kwa viambishi, kwa hiyo dhana ileile ya kupanda mlima hutokea kama "unapopanda", "wapandaji", "tulipanda", "hupandwa", na anayeng'ang'ania umbo moja tu analazimika kuandika sentensi ambazo hakuna Mswahili angezitamka. Ukurasa unaoeleza kwa ufasaha wapandaji wanalipia nini unaweza kabisa kujitokeza kwa mtu aliyeandika "gharama kupanda kilimanjaro", hata kama mfuatano huo wa maneno haumo ndani yake hata mara moja.

Kurundika maneno kuna hatari nyingine, nayo imeandikwa wazi. Sera za Google dhidi ya taka za utafutaji zinakitaja kitendo hicho kwa jina, na miongoni mwa mifano zinayotoa ni maneno yaleyale kurudiwa hadi yasikike si ya kawaida, pamoja na orodha ya miji iliyobandikwa ili ukurasa uonekane kwa kila mji. Tovuti hii ilikuwa na vyote viwili. Chini ya kila ukurasa palikuwa na mstari mrefu wa maandishi madogo ya kijivu: kupanda Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam, kupanda Kilimanjaro kutoka Dodoma, kutoka Mwanza, kutoka Mbeya, kutoka Tanga. Mbaya zaidi, kila mji ulikuwa na ukurasa wake, na kurasa hizo zilifanana neno kwa neno isipokuwa jina la mji.

Nilianza na hizo kurasa za miji kabla ya kuandika chochote kipya, kwa sababu makala nzuri inayoshindana na ndugu zake wengi dhaifu ndani ya tovuti ileile hupata shida. Google hulazimika kuchagua ni ukurasa upi kati ya kurasa zinazofanana unaofaa kuonyeshwa, na mara nyingi huchagua ule ambao mwenye tovuti asingeuchagua. Tulizifuta na kuelekeza anwani zake zote, kwa uelekezaji wa kudumu wa 301, kwenye makala moja tuliyokuwa tukienda kuiandika. Jambo pekee lililokuwa na tofauti ya kweli kati ya mji na mji lilikuwa usafiri wa kufika Moshi, na hilo lilitosha aya moja.

Mama mwenye kampuni hakuwa na neno kuhusu kurasa za miji, lakini kuhusu kurudia maneno alikuwa na wasiwasi. "Mwanangu," aliniambia, "yule wa kwanza alituambia neno lazima litokee asilimia tatu ya makala yote. Wewe unaliondoa, tutapotea." Nilimweleza kwamba Google haijawahi kutangaza asilimia yoyote ya namna hiyo, wala idadi ya maneno ambayo makala lazima ifikishe. Nilimweleza pia kuhusu kile kisanduku cha maneno muhimu ambacho mwandishi wa kwanza alikuwa amekijaza kwa uangalifu mkubwa nyuma ya kila ukurasa: Google ilitamka hadharani mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo. Hakuridhika papo hapo, na sikumlaumu, kwa sababu biashara ilikuwa yake na fedha zilikuwa zake. Tulikubaliana kwamba nitamwonyesha nilikoyatoa maneno nitakayoyatumia.

Niliyatoa sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa Search Console, chombo cha bure cha Google ambacho kampuni ilikuwa imekiunganisha na tovuti lakini hakuna aliyekifungua. Ripoti yake ya Performance huonyesha yale ambayo watu waliandika hadi ukurasa ukajitokeza, mara ngapi ulijitokeza, mara ngapi ulibofywa, na wastani wa nafasi yake katika matokeo. Kumbukumbu zake hurudi nyuma hadi miezi 16. Nilichuja ripoti ili nibaki na ukurasa ule mmoja wa Kiswahili, kisha nikasoma maswali kuanzia juu hadi chini. Yale yenye neno "gharama" yalikuwapo, lakini yalikuwapo pia mengi yenye "bei" na "shilingi ngapi", na chini zaidi yakaanza maswali ambayo makala ya zamani haikuyagusa kabisa: siku ngapi, mwezi gani, nguo gani, na kama mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja. Huko chini kwenye ripoti, ambako watu wengi hawafiki, ndiko nilikoona kazi yangu. Swali ambalo ukurasa umejitokeza kwalo bila kulijibu ni swali ambalo Google tayari inalihusisha na tovuti yako, ikikosa tu cha kumpa msomaji.

Sehemu ya pili ilikuwa simu ya ofisi. Niliomba yule dada anayejibu WhatsApp anisomee maswali ya wateja wa Kitanzania, bila majina wala namba, na mimi nikayaandika kama yalivyoulizwa. Hapo ndipo lugha halisi ilipopatikana. Hakuna mteja aliyeandika "vifurushi nafuu vya utalii wa ndani"; waliandika "nikiwa na watu wanne inakuwaje bei", "masweta mnakodisha au nije nayo", "nina presha, wataniruhusu?", "begi langu nani anabeba". Tafsiri za vipeperushi vya Kiingereza, ambazo waandishi wengi wa utalii huzitegemea, hazina sentensi hata moja ya aina hiyo.

Ya tatu ilikuwa Mzee mmoja aliyeongoza watalii mlimani kwa miaka mingi na ambaye sasa hufundisha vijana wa kampuni. Nilimwamkia, nikaketi, nikamuuliza ni jambo gani Watanzania humuuliza wakiwa njiani ambalo wangelijua kabla ya kuondoka nyumbani lingewasaidia. Hakusita. "Wanauliza kwa nini tunalala Horombo siku mbili wakati wao bado wana nguvu. Wanaona tunawapotezea fedha." Horombo ni kituo cha kulala njiani kuelekea kileleni. Jibu hilo la Mzee lilinipa sehemu nzima ya makala, na nitalirudia baadaye kidogo.

Baada ya kukusanya maswali niliamua makala itamhusu nani. Uamuzi huu ndio unaozuia kurundika maneno kuliko mbinu nyingine yoyote ninayoijua, kwa sababu mwandishi hurudia neno anapokuwa hana jambo jingine la kusema, na hukosa la kusema pale anapojaribu kusema na kila mtu. Nilimchagua Mtanzania mwenye ajira au biashara, anayepanda kwa mara ya kwanza pamoja na wenzake wachache, mara nyingi Desemba, wakati wa maadhimisho ya Uhuru, ambapo makundi mengi ya Watanzania hupanda mlima. Nilichagua pia njia moja, Marangu, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo mpandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema, na ndiyo ambayo wateja wa Kitanzania wa kampuni hii waliiulizia zaidi. Njia za Machame, Lemosho na Rongai niliziacha zingoje makala zake. Ukizichanganya njia zote katika ukurasa mmoja, unapata maelezo mafupi mafupi ambayo hayamsaidii aliyekwisha amua wala asiyeamua.

Kisha nikapanga mahali ambapo neno la utafutaji lina kazi ya kweli. Ni pachache: kichwa kinachoonekana kwenye matokeo ya Google, kichwa cha makala chenyewe, anwani ya ukurasa, na aya ya kwanza. Katika sehemu hizo neno lipo kwa sababu msomaji analihitaji ili ajue amefika alikokusudia. Nyuma ya ukurasa niliweka hivi:

```html
<title>Kupanda Kilimanjaro njia ya Marangu: gharama na siku</title>
<meta name="description" content="Gharama kwa Watanzania
zinajumuisha nini, kwa nini siku sita ni bora kuliko tano,
na nguo za kukodi Moshi.">
```

Kichwa nilikifupisha kwa sababu skrini ya simu hukata kile kirefu, na maneno yenye uzito yakiwa mwishoni hayaonekani. Maelezo yale ya chini hayapandishi ukurasa kwenye matokeo, na Google ikiona inafaa huyaacha na kuchukua sentensi nyingine kutoka ndani ya makala. Lakini yakionyeshwa, ndiyo humfanya mtu abofye au apite. Ndiyo maana niliyaandika kama jibu kwa mtu, nikataja mambo matatu ambayo atayakuta ndani. Anwani ya ukurasa ikawa `/kupanda-kilimanjaro-njia-ya-marangu`, bila mwaka, kwa sababu anwani yenye mwaka huzeeka na kukulazimu kuibadilisha kila Januari.

Aya ya kwanza mpya ilisomeka hivi: "Mtanzania anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulipia mambo matano: ada za hifadhi, mwongoza watalii na wapagazi, chakula, usafiri wa kwenda na kurudi langoni, na vifaa vya baridi kama hana vyake. Hapa chini tumeonyesha kila kimoja kwa kundi la watu wanne wanaoanzia Moshi na kukaa mlimani siku sita." Jina la mlima limetokea mara moja. Neno "gharama" halimo kabisa, lakini hakuna msomaji, wala mashine, atakayeshindwa kutambua kwamba aya inazungumzia gharama.

Sehemu ya bei ilituchukua muda mrefu kuliko zote. Mama alihofia washindani wakiona bei watashusha zao kidogo, na hofu hiyo ni ya kawaida kwa kampuni nyingi za utalii, ndiyo maana kurasa zao huishia kwenye "wasiliana nasi upate bei". Hoja niliyompa ilikuwa hii: washindani wanaijua bei yako tayari, kwa sababu wanaweza kupiga simu wakijifanya wateja; asiyeijua ni mteja peke yake. Mtu aliyeandika "shilingi ngapi" na kukuta ukurasa usio na shilingi hurudi kwenye matokeo na kufungua ukurasa wa jirani, na hakuna idadi ya maneno itakayomzuia. Hatimaye tuliweka jedwali dogo la mfano mmoja, kundi la watu wanne, likitenganisha ada zinazokwenda hifadhi na fedha zinazobaki kwa huduma za kampuni. Tulieleza kwamba ada za raia wa Tanzania ni tofauti na za mgeni asiye mkazi, hivyo Mtanzania anayekuja na rafiki kutoka nje asitegemee bei moja kwa wote wawili. Tulieleza pia kwa nini mtu akipanda peke yake hulipa zaidi: gari la kwenda langoni na mshahara wa mwongoza watalii havipungui kwa kuwa mgeni ni mmoja. Juu ya jedwali tuliandika mwezi ambao bei hizo zilihakikiwa.

Jambo nililolipenda katika sehemu hiyo ni kwamba maneno yote ya utafutaji niliyoyaona kwenye ripoti yalijitokeza yenyewe. Huwezi kueleza malipo kwa ukamilifu bila kusema "bei" mahali pamoja, "ada" mahali pengine, "gharama" na "shilingi" kwingineko, kwa kuwa kila moja lina mahali pake. Bei ni ya kampuni, ada ni ya hifadhi, gharama ni jumla ya yote. Kazi yangu ilikuwa kutumia kila neno kwa maana yake. Utajiri wa maneno ambao wauzaji wa huduma za utafutaji huuita siri ulikuja kama matokeo ya hilo.

Halafu nikaandika sehemu ile aliyoniachia Mzee, nikaipa kichwa kidogo kilicho katika umbo la swali lenyewe: "Kwa nini siku sita na si tano?" Jibu lilikuwa na mwinuko wa kila kituo. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, kwenye mita 2,700 hivi. Wa pili Horombo, mita 3,700 hivi. Kisha Kibo, mita 4,700 hivi, ambako watu huamka karibu na usiku wa manane kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwenye ratiba ya siku tano huondoka Horombo kesho yake moja kwa moja kwenda Kibo, na usiku uleule hupanda kuelekea kileleni, yaani mwili unaongezewa zaidi ya mita 2,000 ndani ya muda wa karibu siku moja. Mwenye siku sita hubaki Horombo siku moja zaidi, hupanda mchana kuelekea kilele cha Mawenzi hadi kwenye miamba yenye mistari inayoitwa Zebra Rocks, kisha hushuka kulala palepale Horombo. Anaupa mwili nafasi ya kuonja hewa nyepesi na kurudi chini kupumzika. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, ambavyo ndivyo dalili za kawaida za ugonjwa wa mwinuko, haviangalii nguvu za mtu wala umri wake. Kwa hiyo siku hiyo inayoonekana kuwa ya kupoteza fedha ndiyo inayompa mpandaji nafasi kubwa zaidi ya kufika.

Mwandishi anayefikiria maneno ya utafutaji peke yake asingeandika aya hiyo, kwa sababu kwenye ripoti hakuna mtu aliyekuwa ameandika "Horombo siku mbili". Lakini aya za namna hiyo ndizo zinazomwambia msomaji kwamba makala imeandikwa na watu wanaoujua mlima. Majina ya vituo, mwinuko, mpangilio wa usiku na usiku, yote hayo huifanya makala ihusiane na maswali mengi madogo ambayo hakuna aliyeyaorodhesha. Mwongozo wa Google kwa waandishi husisitiza uzoefu wa moja kwa moja, na sioni njia ya kuuonyesha uzoefu huo isipokuwa kwa kutaja mambo ambayo asiyefika hawezi kuyataja.

Kuhusu ugonjwa niliweka mpaka. Yule aliyeuliza kuhusu presha anastahili jibu la daktari, si la mwandishi wa kampuni ya utalii, hivyo makala ilimwambia akapimwe na kupata ushauri wa daktari kabla ya kulipa chochote, na amweleze mwongoza watalii hali yake kabla ya kuanza kupanda. Ukurasa unaoahidi "kila mtu anaweza" ili kuvuta wabofyaji unaweza kumdhuru mtu, na hilo kwangu lina uzito kuliko nafasi yoyote kwenye matokeo.

Rasimu ilipokamilika niliisoma kwa sauti mbele ya yule dada wa WhatsApp. Sikio hukamata urudiaji ambao jicho huuruka. Nilipofika kwenye sentensi "Wakati bora wa kupanda Kilimanjaro kwa wanaopanda Kilimanjaro mara ya kwanza", aliinua mkono kabla sijamaliza. Ikawa: "Anayepanda mara ya kwanza aepuke masika, Machi hadi Mei, kwa sababu njia huteleza na mawingu huficha kilele." Kipimo kingine nilichotumia ni kufuta neno la utafutaji ndani ya sentensi na kuisoma tena. Kama sentensi haijapoteza maana, neno lilikuwa la ziada na linabaki limefutwa. Kama sentensi nzima imeanguka na hakuna taarifa iliyopotea, sentensi yenyewe ndiyo ya ziada. Kwa kipimo hicho aya ya mwisho ya makala ya zamani, iliyoisifia kampuni, iliondoka yote.

Picha zilikuwa na tatizo lilelile kwa sura nyingine. Kila picha ilikuwa imeandikiwa, katika sehemu ya maelezo mbadala, "kupanda Kilimanjaro gharama nafuu kupanda Kilimanjaro". Maelezo hayo husomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, na mtu huyo alikuwa akisikia tangazo lilelile mara nane mfululizo bila kujua kuna picha ya nini. Nikaandika kinachoonekana: "Vibanda vya Horombo asubuhi, Mawenzi ikionekana nyuma." "Wapagazi wakipima mizigo kwenye lango la Marangu." Pia nilizipunguza uzito, kwa sababu zilipakiwa zikiwa na ukubwa uleule zilivyotoka kwenye kamera, megabaiti kadhaa kila moja, na msomaji anayelipia bando hawezi kungoja ukurasa wa namna hiyo ufunguke.

Viungo vya ndani vilikuwa viwili tu. Kimoja kilitoka kwenye aya ya vifaa kwenda kwenye ukurasa wa kukodisha masweta, mifuko ya kulalia na viatu, nacho kiliandikwa "vifaa vya baridi tunavyokodisha Moshi". Kingine kilielekeza kwenye safari ya siku moja hadi Mandara, kwa wale ambao bajeti au muda hauwaruhusu kufika kileleni. Safari hiyo fupi ilikuwa imefichwa mahali ambapo hakuna aliyeiona, ilhali maswali yake yalikuwamo kwenye ripoti na kwenye WhatsApp kwa pamoja. Msomaji akibofya maneno yanayosema wazi anakokwenda, hashtuki akifika. Na Google nayo husoma maneno hayo ili kujua ukurasa wa pili unahusu nini.

Tulichapisha Agosti, tukijua msimu wa Desemba huanza kutafutwa mapema na ukurasa mpya huchukua majuma kadhaa kabla haujapata mahali pake. Kupitia chombo cha URL Inspection niliiomba Google iutembelee ukurasa, kisha nikaacha kuufungua kila siku, maana nafasi za mwanzoni hupanda na kushuka bila maana yoyote. Niliporudi kwenye ripoti baada ya miezi miwili sikuanza na nafasi. Nilianza na maswali. Ukurasa ulikuwa umeanza kujitokeza kwa maneno ambayo hayakuwa yameandikwa popote ndani yake katika mfuatano huo, likiwamo swali kuhusu uzito wa begi, ambalo makala ilikuwa imelijibu kwa sentensi moja tu: begi analobeba mpagazi lisizidi kilo 15, na la mgongoni abebe mwenyewe. Kwa kuwa watu waliliuliza, sentensi hiyo tuliipanua ikawa aya yenye kichwa chake.

Upande wa simu, mabadiliko aliyoyaona yule dada yalikuwa kwenye aina ya ujumbe. Waliokuja baada ya kusoma hawakuuliza tena "bei gani". Walisema "tuko watano, tarehe hizi, siku sita, masweta mawili ya kukodi". Mama aliyaona hayo mwenyewe, na suala la asilimia tatu halikutajwa tena.

Kuna ambayo makala hii haikuweza kuyafanya, na nilimweleza tangu mwanzo. Kwa maneno mapana ya Kiingereza kuhusu safari za Kilimanjaro, tovuti ndogo ya Moshi inashindana na kampuni kubwa za nje ambazo kurasa zake zimeunganishwa na mamia ya tovuti nyingine, na ukurasa mmoja wa Kiswahili hauwezi kubadilisha hilo. Nguvu yake iko kwenye maswali ya Kiswahili yanayouliza jambo mahususi, ambako kurasa nzuri bado ni chache.

Kazi iliyobaki ni ya matunzo. Ada za hifadhi zinaweza kubadilika mwaka mpya wa fedha wa serikali unapoanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kila Juni yule dada huhakiki jedwali na hifadhi, kisha hubadilisha namba pamoja na mwezi ulioandikwa juu yake. Pasipokuwa na mabadiliko ya ndani, tarehe ya makala haiguswi, kwa sababu kusogeza tarehe juu ya maneno yaleyale ni kumdanganya msomaji. Maswali mapya ya WhatsApp huandikwa kwenye daftari la ofisi, na lile linalojirudia miongoni mwa wateja kadhaa huingizwa kwenye makala kwa maneno waliyolitumia kuliuliza.